Kuondoa gari katika picha ya droni bila kupindisha mistari ya mahindi

Picha ninayotaka kuieleza ilipigwa kutoka mita 50 juu ya shamba la mahindi machanga, kamera ikiangalia chini wima, na katikati ya mahindi hayo kulikuwa na gari aina ya pikapu ambalo dereva alikuwa ameliingiza kati ya mistari na kuliacha hapo. Mwenye picha alitaka gari lisionekane. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kulizungushia alama na kuiachia programu izibe pengo yenyewe, na matokeo yalikuwa yale ambayo kila aliyewahi kujaribu anayafahamu: majani yalikuwa mazuri, udongo ulikuwa na rangi sahihi, lakini mistari mitano iliyoingia upande mmoja ilitokea upande wa pili ikiwa minne, na miwili kati yake ilikuwa imeungana njiani. Programu ya namna hiyo hutafuta vipande vinavyofanana kwa sura na rangi. Haihesabu mistari, wala haijui kwamba mstari ulioanza upande huu ndio unaopaswa kuonekana upande ule.

Kwa hiyo niliacha kulishughulikia pengo kama doa la kufutwa, nikaanza kulishughulikia kama kitambaa chenye milia kinachotiwa kiraka. Fundi hukata kiraka kutoka kwenye milia ileile, kisha hukisogeza kwa kufuata mlia mpaka kifunike tundu. Katika shamba, ukikata kipande cha mistari ileile inayopita chini ya gari, ukakisogeza kwa kufuata mistari hiyo tu, mistari haina njia ya kukosa kukutana, kwa sababu kila mmoja unateleza juu ya njia yake mwenyewe. Kazi yote inabaki katika kuujua uelekeo wa mistari kwa usahihi wa kutosha.

Kabla ya kupima chochote, sahihisha kwanza upindaji wa lenzi. Lenzi pana huifanya mistari iliyonyooka ionekane imebinuka kidogo kuelekea kingo za picha, na ukipima uelekeo katika picha ambayo haijasahihishwa utapata jibu moja karibu na katikati na jibu jingine pembeni. Ukiisahihisha baada ya kutia kiraka, kiraka nacho kitapindwa pamoja na makosa yake.

Inafaa pia kujua vipimo vya kile kilicho mbele yako. Kamera ya droni ile ilikuwa na kihisi chenye upana wa milimita 13.2, lenzi ya milimita 8.8, na picha yenye upana wa pikseli 5472, hivyo kwa mita 50 kila pikseli ilibeba takriban sentimita 1.37 za ardhi. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari yanatoa takriban pikseli 55 kutoka mstari hadi mstari. Pikapu lenye urefu wa mita 5.3 linachukua pikseli 390 hivi, na pamoja na kivuli chake pengo langu lilikuwa na urefu wa pikseli 430 na upana wa 260, yaani karibu mistari mitano. Kwa nafasi ya pikseli 55, kosa la pikseli tano au sita upande kwa upande ni sehemu ya kumi ya nafasi nzima, na jicho la mkulima huliona mara moja.

Kosa kubwa la kupima uelekeo ni kuupima karibu na gari tu. Ukichora mstari wa kupimia wenye urefu wa pikseli 200, ukakosea ncha yake kwa pikseli mbili, uelekeo unapotoka zaidi ya nusu nyuzi, na kiraka kitakachosogezwa pikseli 460 kitakuwa kimehama pikseli nne na nusu kutoka mahali pake. Kosa lilelile la pikseli mbili katika mstari wa pikseli 2000 halifikishi hata nusu pikseli. Mimi hutumia Photoshop, nikachukua Ruler Tool, nikaiweka katikati ya mwanya wa udongo unaopita kando ya gari, kutoka mbali juu yake hadi mbali chini yake. Hupima mwanya na si mimea, kwa kuwa mwanya una ukingo unaoonekana vizuri zaidi kuliko majani yanayoyumba. Paneli ya Info ilionyesha W 1841 na H 781, yaani mistari ilishuka pikseli 781 kila ilipokwenda kulia pikseli 1841.

Hesabu mbili hizo zinatosha, na hakuna haja ya kuigeuza picha. Watu wengi huizungusha picha nzima mpaka mistari iwe wima, hufanya kazi, kisha huirudisha. Lakini kila mzunguko huchanganya pikseli upya, na picha ya majani membamba hulegea ukali wake ikizungushwa mara mbili. Badala yake nilitafuta msogeo wa pikseli kamili. Nilihitaji kusogeza kiraka zaidi ya urefu wa pengo, yaani zaidi ya pikseli 430. Nikichagua kwenda kulia pikseli 424, basi kushuka ni 424 mara 781 gawanya kwa 1841, ambayo ni 179.87, karibu sana na 180. Msogeo wa kulia 424 na chini 180 una urefu wa pikseli 460 na unafuata mstari kwa kosa ambalo halifiki hata sehemu ya nane ya pikseli. Kama hesabu yako ya kwanza inaangukia katikati ya pikseli mbili, ongeza au punguza pikseli moja upande wa kulia mpaka upate jozi inayokaribia namba kamili.

Nilizungushia alama gari pamoja na kivuli chake, nikaipanua alama hiyo pikseli 15 kila upande, kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa kimetupa mwanga wa jua juu ya mimea iliyo jirani na mwili wa gari ulikuwa umeutia udongo weusi hata nje ya kivuli. Kama kinachoondolewa ni hema badala ya gari, hali ni nzito zaidi: lina kamba na vigingi vinavyotoka nje ya umbo lake, kitambaa chenye rangi hutia rangi hiyo kwenye majani ya karibu, na mimea iliyokanyagwa huweza kuenea mita moja au mbili kulizunguka. Kisha niliisogeza alama yenyewe, pasipo picha, kushoto 424 na juu 180, nikanakili kilichokuwa ndani yake katika tabaka jipya, na kwa Free Transform, baada ya kuwasha kitufe cha pembetatu kinachofanya namba zihesabiwe kutoka mahali tabaka lilipo, nikaandika X 424 na Y 180. Kiraka kikakaa juu ya gari, na mistari mitano ikawa mitano.

Nilichukua kiraka kutoka upande wa juu kwa sababu gari liliingia kutoka chini na kule kulikuwa na nyayo za magurudumu. Nyayo hizo nazo zilipaswa kuondolewa hadi ukingo wa shamba, kwani alama za magurudumu zinazoishia katikati ya mahindi humwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kimefutwa. Usijaribu kukipindua kiraka kama katika kioo ili kuficha asili yake. Kila mche una kivuli chake kidogo, na ukigeuza kiraka vivuli hivyo vitaelekea jua lisilokuwapo. Vilevile usikitoe upande wa pili wa picha. Kamera inayoangalia chini huona mimea ya katikati kutoka juu, lakini ya pembeni huiona imelalia nje; kwa lenzi hii, mche wa mita moja ulio kwenye ukingo wa kulia au wa kushoto huonekana umeegemea takriban sentimita 75, yaani mstari mzima. Mimea inayoegemea kushoto haiwezi kukaa katikati ya ile inayoegemea kulia bila kuonekana.

Pale ambapo gari limesimama mwishoni mwa shamba na hakuna nafasi ya kuteleza kwa kufuata mstari, italazimu kuchukua kiraka kutoka mistari ya kando, na hapo kipimo muhimu ni nafasi kati ya mistari. Usiipime kwa mistari miwili. Katika picha hii nafasi 20 za mistari zilichukua pikseli 1094, kwa hiyo nafasi halisi ni 54.7; aliyeridhika na 55, akahama mistari kumi, tayari amekosea pikseli tatu. Uangalie pia mahali mashine ya kupandia ilipopita mara ya pili, kwa kuwa mwanya kati ya mpito mmoja na mwingine mara nyingi ni mpana au mwembamba kuliko mingine, na kiraka kinachouvuka mwanya huo hakitalingana popote.

Maungio ndiyo yaliyonichukua muda mwingi kuliko yote. Kwa Layer Mask nilipitisha maungio ya kando ndani ya mianya ya udongo, ambako hakuna jani la kukatwa. Maungio ya juu na ya chini lazima yakate mistari, na nilifanya kila mstari ukatwe mahali tofauti, katika pengo kati ya mche na mche, ili yasitokee mkato mmoja mnyoofu unaopita mistari yote. Brashi iwe ndogo na ngumu kiasi. Brashi laini sana huacha majani mawili yaliyofifia, moja juu ya jingine, kama picha iliyopigwa mara mbili.

Kisha huja ukaguzi ambao siuachi kamwe. Nilitengeneza nakala ya picha, nikaizungusha mpaka mistari ikawa wima, kisha nikapunguza urefu wake hadi asilimia 10 bila kugusa upana. Picha iliyobanwa hivyo inafanana na kulitazama shamba ukiwa umeinamisha kichwa karibu na ardhi, na kila mpindo huonekana mkubwa mara kumi. Mistari ilikutana vizuri upande wa juu, lakini upande wa chini wa kiraka yote mitano ilikuwa imehamia kushoto pikseli tatu. Kipimo hakikukosewa, aliyepanda alikuwa ameyumba kidogo pale, na kiraka kilikuwa kimebeba unyoofu wa sehemu ya juu. Nilirudi kwenye tabaka la kiraka, nikatumia Skew kuvuta ukingo wa kulia peke yake, ambako mistari inaishia chini, kwa pikseli tatu, ambazo katika urefu wa pikseli 430 ni mteremko wa nyuzi 0.4 tu. Nikaibana nakala mpya tena, na safari hii macho yangu hayakupata pa kusimama.

Picha hiyo ilikuwa ya kutundikwa ukutani. Kama ingekuwa ya kuhesabia miche, kupimia eneo au kuthibitisha hasara kwa bima, nisingeigusa, kwa maana mahindi niliyoyaweka mahali pa gari hayapo shambani, na mahali pake pana miche iliyolazwa na magurudumu. Nilimkabidhi mwenyewe faili mbili, ile ya awali na ile iliyorekebishwa, kila moja ikiwa na jina linaloeleza ni ipi.