Pau zina urefu mmoja, mavuno hayalingani

*"Wakuu, naandaa taarifa ya mavuno ya kikundi chetu. Nataka kulinganisha mgawanyo wa mazao msimu wa mvua nzuri na msimu wa ukame. Kwenye Excel nimeona `100% Stacked Bar`, inapendeza. Nikiitumia kuna ubaya?"*

Mkuu, mgawanyo itauonyesha vizuri tu. Shida ni huo ukame. Nimeandaa taarifa za namna hii kwa vikundi vya wakulima huku Chamwino, na mkutanoni watu hawasomi asilimia, wanaangalia urefu. Kipande kirefu kwao ni mavuno mengi, na siwalaumu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mvua nzuri: mahindi magunia 200, mtama 120, alizeti 80, jumla 400. Ukame: mahindi 45, mtama 75, alizeti 30, jumla 150. Excel inagawa kila zao kwa jumla ya msimu wake, kisha inazivuta pau zote mbili zifike 100%. Mtama unapanda kutoka asilimia 30 hadi 50. Mjumbe atasema mtama umeupenda ukame, kumbe magunia 45 yamepungua. Umepanda kwenye mchoro kwa sababu mahindi yameanguka vibaya zaidi. Alizeti ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ni asilimia 20 misimu yote miwili, kipande hakijasogea, utadhani ukame haukuigusa. Imetoka magunia 80 hadi 30!

Kwa hiyo irudishe jumla kwenye mchoro. Njia nyepesi ni kuiweka kwenye jina la pau. Kama msimu uko A2 na mazao yako B2 hadi D2, andika kwenye safu ya pembeni:

```
=A2&" (magunia "&SUM(B2:D2)&")"
```

Kisha tumia safu hiyo kama majina ya pau. Binafsi naongeza mchoro wa pili kando yake, wa pau za kawaida za jumla pekee, misimu ikiwa kwa mpangilio uleule. Wa 150 ukionekana mfupi pembeni ya wa 400, maswali ya mkutano yanabadilika kabisa.

Kingine, zao unalotaka lijadiliwe liwe safu ya kwanza ya data ili lianzie kwenye sifuri. Mtama ukikaa katikati, mwanzo wake unahama kila pau na jicho linashindwa kupima. (Rangi usihangaike nazo sana, mradi zao moja libaki na rangi moja.)

Na kama taarifa inapanda wilayani, ambatisha jedwali la magunia. Kutoka kwenye magunia mtu anapata asilimia kwa dakika moja, lakini akipewa picha ya asilimia peke yake hana njia ya kujua kama msimu ule ulikuwa wa magunia 150 au 15.