Nyuzi za kitanzi hazionekani

"Nina kitanzi cha shaba wiki ya sita sasa, nipo Moshi. Jana nimejipapasa, nyuzi sizigusi. Matone ya damu bado yapo. Kimetoka?"

Dada, matone na maumivu kama ya hedhi ni kawaida miezi 3 hadi 6 ya kwanza, mradi yanapungua. Hayo peke yake yasikutishe.

Nyuzi ndizo za kufuatilia. Nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole hadi uguse mlango wa kizazi, mgumu kama ncha ya pua. Mara nyingi nyuzi hujikunja na kujificha humo ndani. Lakini kitanzi hutoka zaidi miezi hii ya mwanzo, hasa wakati wa hedhi, na unaweza usijue. Ukigusa plastiki ngumu, kinashuka. Usikivute wala kukisukuma.

Tumia kondomu kuanzia leo, kisha nenda kliniki ya uzazi wa mpango, hata Hospitali ya Mawenzi. Wataanza na kipimo cha mimba, halafu watatazama kwa spekulamu, kifaa cha kupanua uke, na kuzitafuta nyuzi kwenye mlango. Zisipopatikana, ni ultrasaundi. Kizazi kikiwa kitupu usikubali kuambiwa "kimeshatoka" bila eksirei ya tumbo na nyonga, kwani huenda kitanzi kimetoboa kizazi na kuhamia tumboni.

Homa, uchafu wenye harufu, maumivu yanayozidi, au hedhi kukosekana huku upande mmoja wa tumbo ukiuma: nenda siku hiyohiyo. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa mimba nje ya kizazi.