Tangazo la LinkedIn: mteja wa makontena hulipa, wa gari moja halipi

Nimefanya matangazo ya kampuni ndogo hapa Mombasa kwa muda, na vijana wanaoingia kazini huniuliza swali moja: kwa nini LinkedIn ni ghali namna ile? Mbofyo mmoja waweza kula dola 5 au zaidi, ilhali Facebook hela hiyo ingeleta mibofyo mingi. Jibu ni kwamba unalipia cheo. Mtu mwenyewe ameandika kwamba yeye ni meneja wa ugavi wa kiwanda fulani, nawe waweza kumwonyesha tangazo yeye na wenzake tu. Basi kabla ya kulalamikia bei, jiulize kama cheo hicho kina thamani kwa biashara unayoitangazia.

Chukua wakala wa forodha mwenye ofisi ndogo Shimanzi. Tuseme mbofyo ni dola 5, kati ya wanaobofya 100 watano wanajaza fomu, na kati ya hao watano mmoja anakuwa mteja. Mteja huyo amegharimu dola 500, yaani kama shilingi 65,000 tukihesabu dola kwa 130. Akiwa ni mtu anayetoa gari moja bandarini na faida yako ni shilingi 12,000, umepoteza 53,000. Akiwa ni meneja wa ugavi Nairobi anayeleta makontena matatu kila mwezi, na kila kontena linakuachia 8,000, mwezi wa tatu hela yako imesharudi na bado yupo. Tangazo ni lile lile na bei ni ile ile. Hesabu hiyo ifanye kwa tarakimu za mwenye kampuni kabla hujafungua akaunti, na umuulize faida, usimuulize mauzo. Wengi hutaja mauzo.

Ndiyo maana saluni ya Nyali au duka la simu la Mwembe Tayari nawakataza kabisa. Hoteli inayotafuta wageni wa likizo pia. Hoteli hiyo hiyo ikiuza kumbi za semina kwa mameneja wa rasilimali watu wa Nairobi, hapo tunaweza kuzungumza.

Sasa kwenye Campaign Manager, chombo cha LinkedIn cha kuendeshea matangazo. Ukiandika cheo kwenye Job Titles, usitosheke na kimoja. Kazi moja watu huiita Logistics Manager, Supply Chain Manager, Procurement Manager, na katika kampuni ndogo mwenye uamuzi hujiita Managing Director. Kundi lisipofika watu 300 tangazo halitoki. Halafu tafuta visanduku vya Audience Expansion na LinkedIn Audience Network, uondoe alama zake. Cha kwanza huongeza watu wanaofanana na uliowachagua, cha pili hupeleka tangazo kwenye tovuti na programu nyingine. Ukiziacha, umelipia cheo halafu unakitupa mwenyewe. Mahali nako chagua wanaoishi huko kwa kudumu, wasiingie wapita njia.

Baada ya siku chache fungua ripoti ya Demographics, usome vyeo vya waliobofya. Hapa ndipo kosa huonekana. Wakijaa wanafunzi na makarani wa forodha, wanatafuta kazi, na mara nyingi ni maneno ya tangazo yaliyowaita. “Jiunge na timu inayokua Mombasa” ni mwaliko wa ajira. Andika “Unaleta makontena 3 au zaidi kwa mwezi kupitia Mombasa? Tukuhesabie gharama zote mpaka ghala lako Nairobi.” Asiyehusika atapita bila kubofya, na hiyo ni dola 5 umebaki nayo.

Fomu ya LinkedIn hujijaza yenyewe kutoka kwenye wasifu, kwa hiyo mtu huituma kwa kidole kimoja na kesho amesahau. Ongeza swali moja analopaswa kulijibu mwenyewe: makontena mangapi kwa mwezi? Waliojaza watapungua. Waliobaki wapigiwe simu siku ile ile, na mtu anayejua kutaja bei. Nimeona majina mazuri yakilala wiki nzima kwenye simu ya bosi.

Jambo la mwisho ni muda. Bajeti ya chini kwa siku ni dola 10, yaani mibofyo miwili kwa bei tuliyotumia. Kufika 100 ni siku 50. Mwenye kampuni atataka kusimamisha wiki ya pili akiona mibofyo 28 na fomu moja, na kwa hesabu yetu fomu moja kati ya 28 si ajabu. Mwambie mapema kwamba dola 500 ndizo za jaribio. Hana? Afadhali hela alizonazo aziweke nauli ya treni kwenda Nairobi kuwaona mameneja watano ana kwa ana. Anazo, na mibofyo 100 imepita bila hata fomu moja ya meneja, simamisha uangalie kwanza fomu au ukurasa anaofikia mtu baada ya kubofya, ndipo uguse vyeo.