Zumaridi au yakuti? Rangi za usiku kwa mwenye weusi tii

Swali: Mimi ni mweusi tii. Mwaka jana nilishona gauni la mahameli rangi ya damu ya mzee. Ukumbini kila mtu alinisifu, lakini picha zilipokuja nimezama: unaona meno na hereni tu. Desemba kuna sendofu ya mdogo wangu, usiku. Natamani kijani cha zumaridi au bluu ya yakuti, ila shangazi anasema mtu mweusi asivae rangi kali, bora krimu. Nichukue ipi, na kitambaa gani? Na mume wangu, mweusi kama mimi, avae suti gani?

Jibu: Dada, tuanze na lile gauni la mahameli, kwa sababu likieleweka hayo mengine yatakuwa mepesi.

Rangi yoyote, ukiacha jina lake, itazame kwa mambo mawili: imekolea kiasi gani, na ina giza kiasi gani. Damu ya mzee imekolea vizuri, lakini giza lake linakaribiana sana na giza la ngozi yako. Waliokuwa ukumbini walikuona ukitembea na kugeuka, na macho yao yakatenganisha wekundu na weusi bila taabu. Kamera usiku haina uwezo huo. Mwanga ukiwa mdogo, vitu viwili vyenye giza sawa huungana na kuwa kitu kimoja, hata kama kimoja ni chekundu. Mahameli nayo ikaongeza tatizo: nyuzi zake zilizosimama hunasa mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo rangi ile ile ikipakwa kwenye mahameli na kwenye satini, ya mahameli itakuwa nyeusi zaidi.

Kwa hiyo ukali wa rangi haukukuponza. Shangazi yako anaogopa kisichokuwepo. Lupita Nyong'o, ambaye weusi wake hauko mbali na wako, alivaa gauni jekundu lenye joho kwenye tuzo za Golden Globe Januari 2014. Tazama aina ya wekundu wenyewe: ni mwekundu wa wazi, wenye giza la wastani, mbali kabisa na damu ya mzee. Ngozi inaonekana ngozi, gauni linaonekana gauni, na mpaka kati yake uko wazi kuanzia begani.

Krimu anayoisema shangazi inapendeza kwa macho, sikatai. Shida yake iko kwenye picha. Simu na kamera nyingi zikiachwa zijipangie zenyewe hupima mwanga wa picha nzima. Gauni jeupe au krimu likijaza picha, kamera hupunguza mwanga ili kitambaa kisiungue, na uso wako unabaki kivulini. Mpiga picha anayejua kazi atapima mwanga usoni kwako, lakini usiku ule utapigwa na simu za wageni kuliko kamera yake. Rangi za vito, zile za wazi, hukaa katikati: zina mwanga wa kutosha kujitenga na ngozi yako, na hazina weupe wa kuichanganya kamera. Hiyo ndiyo sababu nakuunga mkono.

Sasa zumaridi au yakuti. Hapa uamuzi unategemea taa za ukumbi kuliko ngozi yako. Kitambaa hakina mwanga wake. Hurudisha ule kinachopewa. Taa za manjano za kawaida zina bluu kidogo sana ndani yake, hivyo kitambaa cha bluu iliyokolea chini yake hupoa na kuelekea kwenye rangi ya wino. Zambarau hubadilika na kuwa kama kahawia yenye wekundu. Wekundu na dhahabu ndizo zinazonufaika. Zumaridi hupoteza ubluu wake kidogo na kubaki kijani, jambo ambalo unaweza kuishi nalo. Lakini wapambaji wa siku hizi wanapenda kuosha kuta kwa taa za rangi, na zambarau ndiyo pendwa yao. Chini ya taa ya zambarau tupu, gauni la kijani halina mwanga wa kijani wa kurudisha, na linaonekana karibu jeusi. Mpigie mpambaji umuulize swali moja tu: taa za kuta zitakuwa rangi gani, na jukwaani je? Akisema manjano au nyeupe, chukua zumaridi. Akisema bluu au zambarau, chukua bluu, na hapo ningekwenda kwenye rangi ya tanzanaiti, ile bluu yenye zambarau ndani kama jiwe letu la Mererani, kwa kuwa taa hizo zitaiwasha.

Usinunue kabla ya kupima. Dukani Kariakoo au popote unaponunulia, omba kipande cha majaribio hata cha sentimita 30, au nunua robo mita. Nyumbani, saa nne asubuhi hivi, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Weka kitambaa chini ya kidevu kifunike mabega, piga picha bila flashi na bila filta ya kulainisha uso, huku umegusa uso wako kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo. Kisha ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikishaondoka, kinachobaki ni giza na mwanga tu. Sinyaza macho utazame shingoni: kama mstari kati ya ngozi na kitambaa unapotea, rangi hiyo ina giza mno kwako, hata iwe nzuri namna gani. Kama mstari umesimama wazi, umepata. Lile gauni lako la damu ya mzee lijaribu hivyo hivyo, utaona kilichotokea. Rudia usiku chini ya balbu ya sebuleni, kisha fanya uamuzi.

Kwa kipimo hicho utagundua kwamba zumaridi ziko nyingi. Ile inayokaribia kijani cha chupa mara nyingi hufeli kwa mweusi tii. Unayoitaka ni hatua moja juu yake: bado nzito, bado imekolea, lakini ukiishika kwenye mwanga inaonekana kijani mara moja bila kufikiri. Kuna pia zile zilizofifia, zenye kijivu ndani kama zimefuliwa mara nyingi. Hizo kwenye ngozi nyeusi hutoa sura ya majivu, na hakuna kipodozi kitakachokuokoa. Wenye weusi wenye wekundu kwa mbali huwa wanapendeza zaidi na kijani chenye umanjano kidogo. Wenye weusi unaoelekea bluu, kijani chenye bluu. Lakini hili ni dogo. Mpaka wa shingoni ndio mkubwa.

Kitambaa: nenda kwenye satini nzito yenye mng'ao wa taratibu, ile inayouzwa kwa jina la mikado. Mng'ao wake huchora mikunjo, na mikunjo ndiyo inayoonyesha umbo la gauni pale mwanga unapokuwa haba. Pia kitambaa kinachorudisha mwanga karibu na shingo huutupa kidogo chini ya kidevu, mahali ambapo taa za juu ukumbini huacha kivuli. Satini nyepesi ya bei rahisi iache. Flashi ikiipiga hutoa mabaka meupe, na jasho la kwapani huonekana kabla ya keki kukatwa. Krepu pia ni nzuri kama hupendi mng'ao, ila mwambie fundi asiweke bitana nyeusi chini ya krepu nyepesi. Inaivuta rangi yote gizani na kazi yako ya kupima inapotea. Bitana iwe rangi ya gauni lenyewe.

Kuna jambo moja la kushona ambalo naliona likiharibu magauni mazuri kila msimu wa harusi. Kama mshono wako una neti kifuani au mgongoni, ile inayotakiwa isionekane ili lesi ikae kama imechorwa mwilini, madukani utapewa neti waliyoiita rangi ya mwili. Mwili huo si wako. Neti ya rangi ya biskuti juu ya ngozi nyeusi inaonekana kama bandeji, na flashi inaifanya ing'ae zaidi. Tafuta neti ya kahawia iliyokoza sana, kahawa bila maziwa. Ukikosa, nunua nyeupe ya nailoni, fundi aichovye kwenye rangi ya kahawia inayoshika nailoni, akijaribu kwanza kwenye kipande. Iwe na giza sawa na ngozi yako au zaidi kidogo. Nyeusi kidogo haionekani, nyeupe kidogo inaonekana kutoka mlangoni.

Upande wa kutofautisha rangi, nakushauri uchague kitu kimoja kikubwa, karibu na uso. Kwa zumaridi, dhahabu yenye umanjano: hereni kubwa au mkufu mpana unaokaa juu ya mfupa wa kifua, siyo vyote viwili. Mkufu ukilala juu ya ngozi tupu unang'aa mara mbili ya ukilala juu ya kitambaa, kwa hiyo shingo ya gauni iwe wazi kidogo. Ukitaka rangi ya pili, pinki kali ndiyo inayosimama kinyume na kijani, nayo iishie kwenye pochi au mdomoni. Ikiwa kilemba, mtandio na viatu vyote ni vya pinki, watu watadhani umevaa sare ya kamati.

Mzee wako ni rahisi kumvalisha kuliko wewe, kwa sababu ana shati. Shati jeupe huweka mstari kati ya koti na shingo, na kwa kuwa ni eneo dogo haliisumbui kamera. Hata koti la mahameli la damu ya mzee, rangi iliyokuzamisha wewe, yeye anaweza kulivaa usiku bila wasiwasi, mradi shati libaki jeupe na suruali iwe nyeusi. Asichofanya ni kuvaa suti nyeusi na shati jeusi. Hapo wote mtakuwa mnamtafuta kwenye picha. Mkitaka kufanana, msikate tai kutoka kitambaa cha gauni, mikado ni nene na fundo litakaa kama ngumi. Mwambie fundi abakize kipande cha mraba cha sentimita 30, akunje pindo, kiwe leso ya mfukoni.