Fotodiodi ilitulia kwenye bredibodi, kwenye bodi mpya inatetemeka

*Fundi, nimeunganisha fotodiodi BPW34 na opampu TL071, rezista ya mrejesho 1 MΩ. Kwenye bredibodi ilitulia kabisa. Nimeihamishia kwenye bodi ya kuchonga, vipuri vilevile, sasa kila LED ikiwaka naona mtetemo wa kama 70 kHz. Nimekosea wapi?*

Ndugu, hujakosea kuunga. Umeiacha kapasita moja kwenye bredibodi bila kujua. Safu mbili za matundu zinazopakana huwa na pikofaradi chache kati yao, na rezista yako ilikuwa imechomekwa hapo. Bodi mpya imeziondoa.

Rezista ndiyo inayopanga ukuzaji: mkondo wa diodi mara ohmu zake. Mikroampia 2 kwenye 1 MΩ zinatoa volti 2. Lakini BPW34 isipopewa volti za kinyume ina kapasitensi ya kama 70 pF. Ongeza ya opampu na ya nyaya, tuseme jumla ni 100 pF. Opampu ikisogeza volti za kutoka, habari inarudi kupitia ile 1 MΩ, na lazima kwanza ijaze hizo 100 pF. Inafika imechelewa. Opampu inadhani haijafanya vya kutosha, inaongeza, inapitiliza, kisha inarudi nyuma kwa kosa lilelile. Huo ndio mtetemo wako.

Kapasita ndogo sambamba na rezista ni njia ya mkato: badiliko la haraka linapita hapo na kufika kwenye ingizo papo hapo. Kiasi cha kuanzia ni:

```
Cf = sqrt(Cin / (2π × Rf × GBW))
   = sqrt(100 pF / (2π × 1 MΩ × 3 MHz)) ≈ 2.3 pF
```

Hiyo 3 MHz ni GBW, yaani kipimo cha kasi ya opampu, kwa TL071 ya kawaida. Soma karatasi ya data ya uliyonayo. Kwa 2.3 pF bado utaona kilele kidogo kikipitiliza, kwa hiyo mimi ningeweka 3.3 pF, kauri ya aina ya C0G, na kuilehemu juu ya miguu ya rezista yenyewe.

Usiweke 10 pF eti kwa usalama. Kasi inakomea kwenye `1/(2π × Rf × Cf)`: 3.3 pF inakuachia kama 48 kHz, 10 pF inakuachia 16 kHz tu. Ukishalehemu, washa na kuzima LED kwa 1 kHz na utazame ukingo wa wimbi kwenye oskiloskopu. Ukingo ukiendelea kutikisika, ongeza pikofaradi moja moja. Ukipanda kwa uvivu kama mgongo wa kilima, umezidisha.

Na siku ukitaka kasi zaidi, ipe diodi volti 3 za kinyume kabla ya kununua opampu nyingine. Kapasitensi yake inashuka hadi karibu 25 pF, ila utavumilia mkondo kidogo unaovuja hata gizani. Hapo Cf ipigie hesabu upya.