Kitabu cha kulipia kimefungwa: maswali ya wasomaji

Nimenunua kitabu cha uhasibu mtandaoni. Laptopu imekufa, na kwenye mpya hakifunguki. Ni changu, basi nitoleeni hilo kufuli. (Chake Chake)

Kufuli hatulivunji, na kwa hali yako hakuna haja ya kulivunja. Ulicholipia ni ruhusa ya kusoma kwa akaunti yako. Kopi isiyo na kufuli haikuwemo kwenye bei, na ikishatoka hakuna awezaye kuirudisha.

Faili ulilopakua, mara nyingi `URLLink.acsm`, si kitabu. Ni stakabadhi ndogo inayoiagiza programu ya Adobe Digital Editions ikakichukue kitabu na kukifunga kwa kitambulisho chako, Adobe ID. Kwa hiyo cha kuhamishia kwenye laptopu mpya ni kitambulisho. Weka programu hiyo, fungua `Help`, kisha `Authorize Computer`, uandike barua pepe na nenosiri lile lile la mwanzo. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya dukani, pakua tena faili la `.acsm` na ulifungue.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wamesahau nenosiri wakafungua Adobe ID mpya. Programu hujibu `E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER`, yaani stakabadhi imeshatumika kwa kitambulisho chengine. Ukiliona hilo, usifungue cha tatu. Tafuta kwenye barua pepe zako ujumbe wa zamani wa Adobe ujue ulijiandikisha kwa anwani gani, na nenosiri uliweke upya. Kisha ondoa kile kipya kwa kubonyeza `Ctrl+Shift+D`, na uidhinishe laptopu kwa kile cha zamani.

Kama mwanzo uliidhinisha bila Adobe ID, kitabu kilifungwa kwa ile mashine iliyokufa. Mwandikie muuzaji, mpe namba ya oda, mweleze kompyuta imeharibika, umuombe akufungulie upakuaji upya. Ombi hili ni la kawaida kwao.

Tumechanga watu sita tukanunua kopi moja kwa jina langu. Kila ukurasa una jina na barua pepe yangu. Nifutieni niitume kwenye grupu letu. (Tunguu)

Hapana, ndugu yetu. Alama ile haikuzuii kusoma hata mstari mmoja. Kazi yake ni kuonesha kopi ilitoka kwa nani, na anayetaka iondoke anataka hilo lisijulikane. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa 1996 unazitaka nchi zilizojiunga nao ziweke kinga dhidi ya mambo yote mawili: kuvunja kufuli (kifungu cha 11) na kuondoa maelezo ya haki (kifungu cha 12). Hakimiliki Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na kusambaza kitabu kizima bila ruhusa si jambo la kutafutiwa njia ya pembeni.

Tena kuna hatari yako mwenyewe. Wachapishaji wengine huweka alama ya pili isiyoonekana kwa jicho ndani ya faili. Grupu la watu sita likishalipeleka kwa jengine, wewe ndiye utakayeandikiwa, na akaunti ikifungwa utapoteza na vitabu vyako vyengine.

Michango yenu ingefaa zaidi kwa nakala moja ya karatasi, ambayo mnaweza kupokezana kihalali. Kabla ya hapo, nendeni kwa mkutubi wa chuo na jina la kitabu, toleo, ISBN, jina la somo na idadi ya wanafunzi. Aulizie leseni ya kusomwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kwani ile ya msomaji mmoja itawapangisha foleni wiki ya mitihani. Muulizeni pia kuhusu Research4Life, mpango wa vitabu na majarida ya kitaaluma mtandaoni, ambao hufunguliwa kupitia taasisi iliyojisajili, si mtu mmoja mmoja.

Na muulizeni mwalimu kama sura mnazohitaji zimo kwenye vitabu vya OpenStax. Vipo vya uhasibu, takwimu na biolojia, vinapakuliwa bure kwenye openstax.org, na hivyo hata mkivituma kwenye grupu hakuna lawama.

Nina stesheneri. Mteja kaleta PDF yenye jina lake, anataka nichape kitabu kizima bila jina. (Wete)

Mkatalie kufuta. Kurasa ambazo leseni yake inaruhusu kuchapwa, mchapie na jina likiwepo. Jina likiwa si lake, usichape.

Sioni vizuri, na kitabu nilicholipia kinakataa kusomwa kwa sauti. (Mkoani)

Mwandikie mchapishaji kitengo cha nakala za wenye ulemavu, uambatanishe risiti na utaje unachotumia: msomaji wa skrini, maandishi makubwa au nukta nundu. Wachapishaji wengi wa vitabu vya vyuo hutoa faili maalumu kwa mwanafunzi aliyekwishanunua. Chuo kikikuombea huenda mambo yakawa mepesi zaidi, kwa hiyo anza na mkutubi. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliwekwa kwa ajili ya wasomaji kama wewe. Utaje kwenye barua yako.