Slaidi 43 na ukurasa mmoja wa kubandika ukutani

Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, nilikuwa najitolea katika ofisi ya serikali ya mtaa, Dar es Salaam. Mtendaji alirudi kutoka kwenye semina na fleshi yenye slaidi 43, akaniomba nitoe humo tangazo la kubandika dukani, kwenye bomba la maji na mlangoni mwa ofisi. Nilidhani ni kazi ya kufupisha tu. Nikachagua sentensi zilizoonekana muhimu, nikazipanga zikatosha ukurasa mmoja, nikachapa. Kichwa cha tangazo kilisema: "Kodi ya nyumba itakatwa kupitia LUKU."

Kesho yake asubuhi wapangaji walikuwa wamesimama ofisini. Mama mmoja aliuliza kama sasa pango la chumba chake litakatwa kwenye umeme, na kama mwenye nyumba wake anajua. Hakuwa amekosea kusoma. Mtaani kwetu "kodi ya nyumba" ni ile anayompa mwenye nyumba kila baada ya miezi mitatu au sita. Wataalamu walioandaa slaidi walitumia neno "kodi" kwa maana ya serikali tu, kwa hiyo halikuwatatiza. Mimi ninaishi hapahapa, lakini kwa kuwa nilikuwa na slaidi mbele yangu, nilisoma kama wao.

Tulibandua tangazo lile siku hiyohiyo. La pili niliandika kwa njia nyingine, na ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Kwanza nilipitia slaidi zote, na kila moja nikaiuliza swali moja: mkazi akiijua hii, atafanya nini tofauti? Historia ya ukusanyaji wa mapato, mchoro wa mifumo inavyosomana, vifungu vya sheria na malengo ya mwaka wa fedha vyote vilikosa jibu. Vilikuwa na maana kwa watendaji waliokaa semina, si kwa mtu anayenunua umeme wa shilingi 5,000. Zilibaki slaidi sita.

Halafu nikaacha kabisa mpangilio wa slaidi. Wasilisho huanzia kwenye sera na kushuka hadi kwa mtu. Msomaji wa tangazo huanza na nafsi yake, akitafuta sehemu inayomhusu. Mtaa wetu una mwenye nyumba anayeishi kwake, una mpangaji, na una mzee aliyebaki kwenye nyumba yake. Ghorofa zilikuwa tatu tu. Kiwango chao kilikuwa kingine, na kukieleza kungehitaji aya nzima, kwa hiyo nikaomba wenye ghorofa waandikiwe barua, tangazo libaki la wengi.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye mambo ambayo slaidi zenyewe hazikuyamaliza. Moja ilisema: "Wamiliki wenye sifa watapewa msamaha kwa mujibu wa sheria." Sifa zipi? Msamaha unakuja wenyewe au unaombwa? Hapo kuna kishawishi cha kuandika unachodhani, au kuinakili sentensi ilivyo. Ukiinakili, mzee ataisoma kisha atakuja kukuuliza, na wewe huna jibu. Nilikusanya maswali manne ya namna hiyo kwenye karatasi, mtendaji akampigia afisa aliyewasilisha semina. Dakika kumi za simu hiyo zilinifaa kuliko slaidi zote.

Tangazo tulilobandika lilisomeka hivi:

SERIKALI INAKATA KODI YA JENGO KWENYE UMEME

Hii si kodi ya pango. Pango unaendelea kumlipa mwenye nyumba kama kawaida.

Kiasi: Nyumba ya kawaida, isiyo ghorofa, ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 12,000.

Inakatwa lini: Unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Mfano: ukitoa shilingi 5,000, utapata umeme wa shilingi 4,000. Ukinunua tena mwezi huohuo, hukatwi. Mwezi usiponunua, deni lake litakatwa mwezi utakaonunua.

Kama wewe ni mpangaji: Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Ukikatwa, tunza ujumbe wa manunuzi, mkubaliane naye akurudishie au apunguze kwenye pango.

Kama nyumba yako ina mita zaidi ya moja: Nyumba inalipa mara moja tu. Njoo ofisi ya mtaa na namba za mita zote.

Kama mwenye nyumba ana miaka 60 au zaidi, au ana ulemavu: Anaweza kusamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha hauji wenyewe, unaombwa. Njoo ofisini na kitambulisho.

Tarehe ya tangazo: Agosti 2021

Angalia kichwa chake. "Itakatwa" haisemi nani anakata, na Kiswahili cha ofisini kinapenda sana vitenzi vya namna hiyo: itatekelezwa, itazingatiwa, itabainishwa. Msomaji hujaza pengo kwa hofu yake. Wapangaji wetu walilijaza kwa jina la mwenye nyumba. "Serikali inakata" hufunga pengo hilo. Vilevile "mmiliki" nilimgeuza "mwenye nyumba", kwa sababu wazee kadhaa nyumba zao hazina hati na hawajiiti wamiliki. Wangeisoma sentensi ile kama ya watu wengine.

Mfano wa shilingi 5,000 uliwahi kubishaniwa. Afisa alisema kiufundi kuna makato mengine kwenye umeme, hivyo uniti zitakazotoka hazilingani na hesabu rahisi. Ni kweli, lakini makato hayo yalikuwapo tangu zamani na watu wameyazoea. Tangazo lilikuwa linaeleza kilichobadilika, na kilichobadilika ni shilingi 1,000. Alikubali. Alipotaka turudishe vifungu vya sheria, tulikubaliana slaidi zote zichapwe na kuwekwa kwenye faili ofisini, yeyote anayetaka azisome.

Kabla ya kubandika nililipeleka kwa watu watano: muuza genge, fundi cherehani, bibi wa jirani na wapangaji wawili. Sikuwauliza "umeelewa?" Kwetu swali hilo lina jibu moja, nalo ni "ndiyo", kwa adabu. Niliuliza: "Mama, mwezi ujao ukinunua umeme wa elfu tatu, utapata wa shilingi ngapi?" Na kwa bibi: "Shikamoo bibi. Wewe hapa utafanya nini?" Nilimsomea kwa sauti, maana macho yake hayaoni vizuri. Akasema atasubiri msamaha uje. Sentensi ya "hauji wenyewe, unaombwa" haikuwapo kabla ya jibu lake. Fundi naye alidhani anakatwa kila anaponunua, ndipo nikaongeza "ukinunua tena mwezi huohuo, hukatwi".

Kuna mahali tangazo halikufika. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya kuchangia, nani adai kwa mwenye nyumba, na vipi, hakuna sentensi ya ukutani iliyotosha. Hizo tulizimaliza kwenye kikao cha mabalozi, tukitaja nyumba moja baada ya nyingine.

Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda hadi shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Ile tarehe ya chini ndiyo iliyotuokoa, kwani watu walikuja na picha ya tangazo kwenye simu, tukawaonyesha kuwa ni la 2021. Nilibadilisha mistari miwili, mfano ukawa umeme wa shilingi 3,500. Kisha nikazunguka na orodha niliyoandika siku ya kubandika, sehemu tisa, kubandua la zamani kabla ya kuweka jipya. La bombani lilikuwa limeshachanika, la genge nikalikuta limelaminishwa.